Kusafisha gumzo na kufuta gumzo kwenye WhatsApp: kinachobaki ndani ya simu

Kwenye WhatsApp ya simu za Android kuna amri mbili ambazo watu wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni Clear chat, ambayo hapa nitaiita kusafisha gumzo, na ya pili ni Delete chat, yaani kufuta gumzo. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu simu nyingi ninazoletewa, hata na watu wasiozungumza lugha hiyo, zimewekwa Kiingereza. Mpangilio wa menyu hubadilika kidogo kila toleo jipya linapotoka, kwa hiyo ukikuta kitufe kimehama mstari mmoja juu au chini usidhani umepotea.

Kusafisha huondoa jumbe zote na kuliacha gumzo likiwa tupu kwenye orodha, na jina la mtu au la kikundi hubaki pale pale. Kufuta huondoa jumbe pamoja na mstari wa gumzo lenyewe. Zaidi ya hapo amri hizi mbili hazitofautiani sana, na hakuna hata moja inayogusa simu ya mtu uliyekuwa ukizungumza naye, kwani yeye atabaki na kila neno. Swali la kama simu yako itapata nafasi, na kama maneno yale yanaweza kurudi, halijibiwi na kitufe ulichokichagua. Hujibiwa na kisanduku kidogo kinachotokea kabla ya kuthibitisha, na nakala rudufu ambayo WhatsApp huitengeneza yenyewe usiku.

Mama yangu mdogo aliyajua hayo kwa njia ngumu. Alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, na baada ya harusi simu yake ya GB 32 ilianza kumwonya kila saa kwamba nafasi imekwisha. Saa tatu usiku akajitoa kwenye kikundi cha kamati, akalifuta gumzo lake, akasubiri. Onyo likaendelea. Kesho yake asubuhi akanipigia akiwa na malalamiko mawili: kwamba simu bado imejaa, na kwamba ndani ya lile gumzo kulikuwa na orodha ya watu walioahidi michango ambao hawajamaliza kulipa, orodha ambayo hakuwa ameiandika mahali pengine popote. Nitarudi kwake, kwa kuwa simu yake inaonyesha karibu kila jambo la mwongozo huu.

Namna ya kusafisha

Fungua gumzo unalotaka kulisafisha, gusa nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, gusa More, kisha Clear chat. Hapo litatokea dirisha dogo la kuthibitisha, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia kitufe cha kukubali bila kusoma. Usikimbilie. Kuna kisanduku kinachouliza kama picha, video na mafaili mengine uliyoyapokea katika gumzo hilo yafutwe pia kwenye simu. Kikiwa na tiki, mafaili huondoka pamoja na jumbe. Kikiwa hakina tiki, jumbe huondoka na mafaili hubaki kwenye folda zake, ila sasa hayana tena gumzo linaloonyesha yalitoka kwa nani. Aghalabu utakuta pia kisanduku cha pili kinachohusu jumbe ulizoziwekea nyota. Kama umezoea kuweka nyota kwenye namba za malipo au anwani, kiache bila tiki, nazo zitabaki ndani ya gumzo lililosafishwa.

Katika kikundi, kusafisha hakukutoi. Unaendelea kuwa mwanachama, jumbe mpya zinaendelea kuingia kama kawaida, na hakuna mwenzako anayejulishwa kwamba umesafisha. Kwa sababu hiyo, kwa vikundi vya ukoo, vikoba na kamati ambavyo huwezi kujitoa bila kuulizwa maswali, kusafisha ndiyo njia ya amani.

Namna ya kufuta

Rudi kwenye orodha ya magumzo, gusa gumzo na ulishikilie mpaka lipate alama ya kuchaguliwa, kisha gusa picha ya pipa la taka iliyo juu. Kisanduku kile kile cha mafaili kitatokea tena, na maana yake ni ile ile. Ukithibitisha, mstari unatoweka kwenye orodha. Namba ya mtu huyo haijaondoka kwenye kitabu cha majina cha simu, wala hujamzuia asikuandikie. Akikutumia neno moja tu, gumzo jipya litazaliwa likiwa na neno hilo peke yake. Simu mlizopigiana kupitia WhatsApp zina orodha yake katika kichupo cha Calls, na orodha hiyo ina amri yake ya kufuta, kwa hiyo anayetaka kuondoa dalili kwamba aliwasiliana na fulani asisahau kupita huko pia.

Kikundi ni tofauti kidogo, kwa kuwa huwezi kulifuta gumzo lake ukiwa bado mwanachama. Lazima ujitoe kwanza. Tangu mwaka 2022 WhatsApp huwajulisha viongozi wa kikundi tu kwamba umejitoa, lakini wanachama wengine wakifungua taarifa za kikundi wanaweza kuona majina ya waliotoka katika siku 60 zilizopita. Mtu anayefuta gumzo la kikundi ili kupunguza mzigo tu, kumbe amejitoa, huishia kuomba kurudishwa. Angesafisha ingetosha.

Kama unatumia WhatsApp pia kwenye kompyuta uliyoiunganisha na simu, kusafisha au kufuta kunafuata hadi huko. Gumzo ulilolifuta kwenye simu usilitegemee kulikuta kwenye kompyuta likikungoja.

Mafaili yanakaa wapi

Fungua programu ya mafaili ya simu yako, ingia kwenye hifadhi ya ndani, kisha fuata njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake utaona folda zenye majina kama `WhatsApp Images`, `WhatsApp Video`, `WhatsApp Documents` na `WhatsApp Voice Notes`. Kwenye simu za zamani folda ya `WhatsApp` hukaa moja kwa moja kwenye hifadhi ya ndani, bila kupitia `Android/media`. Kila ulichopokea kimepangwa hapa kwa aina yake, na hakijapangwa kwa aliyekituma. Ndiyo maana gumzo likishafutwa bila tiki, ni vigumu sana kutambua video ipi ilikuwa ya kamati ya harusi na ipi ya kikundi cha mtaa.

Jambo linalowapotosha wengi ni kutumia galari kama kipimo. Sauti na nyaraka hazionekani kwenye galari hata siku moja, ilhali ziko kwenye simu na zinachukua nafasi. Tena, WhatsApp ina mpangilio uitwao Media visibility ambao ukizimwa, picha mpya haziingii galari lakini bado zinahifadhiwa kwenye folda ndogo iitwayo `Private`. Kutoiona picha kwenye galari hakuthibitishi kwamba haipo.

Halafu kuna zile ulizozituma wewe. Picha uliyoipiga kwa kamera na kuituma huwa na nakala mbili: ya asili kwenye folda ya kamera, na nyingine iliyopunguzwa ukubwa kwenye folda ndogo iitwayo `Sent` ndani ya `WhatsApp Images`. Tiki uliyoiweka wakati wa kufuta haigusi ile ya kamera hata kidogo. Folda ya `Sent` ipitie mwenyewe baada ya kufuta, hasa ya video, maana video tatu za dakika chache zinaweza kuzidi uzito wa picha mia.

Kama simu yako imeruhusiwa kupeleka folda za WhatsApp kwenye Google Photos, nakala iliyokwisha kupanda huko haitaondolewa na WhatsApp, uweke tiki au usiweke.

Kwa mama mdogo tulikuta GB 2.1 kwenye `WhatsApp Video` na takriban MB 640 kwenye `WhatsApp Images`. Hakuweka tiki, ndiyo maana simu haikupungua hata kidogo. Alichokuwa amekifuta ni maneno tu, na maneno ni mepesi mno. Gumzo la maandishi la mwaka mzima halifikii uzito wa video moja ya bibi harusi akiingia ukumbini.

Njia nyepesi zaidi, ambayo angeitumia kabla ya kufuta chochote, ni kwenda Settings, kisha Storage and data, kisha Manage storage. Hapo WhatsApp hupanga magumzo kuanzia lenye mzigo mkubwa hadi dogo, na hukuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 pamoja na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Unaweza kugusa gumzo moja, ukachagua video nzito, ukazifuta, na maneno yakabaki salama. Kwa mtu ambaye shida yake ni nafasi pekee, si lazima asafishe wala kufuta gumzo lolote. Ukiamua kufuta mafaili kupitia programu ya mafaili au galari, kumbuka kwamba nyingi kati ya hizo huyapeleka kwanza kwenye pipa la taka na kuyaweka humo siku 30, na kwa muda huo nafasi haijarudi mpaka umwage pipa.

Nakala rudufu ya usiku

Karibu na folda ya `Media` kuna folda nyingine iitwayo `Databases`. Kila siku saa nane usiku WhatsApp huandika humo nakala iliyofungwa ya jumbe zako zote, hata kama hukuiomba na hata kama simu haina mtandao. Nakala ya karibuni haina tarehe katika jina lake, na zilizotangulia huwa na tarehe, mfano wake ni huu:

```
msgstore.db.crypt14
msgstore-2025-03-08.1.db.crypt14
```

Kwenye simu nyingine mwisho wa jina ni `crypt15` au namba ya chini ya 14. Simu huweka nakala hizi hadi za siku saba. Maana yake ni kwamba gumzo ulilolisafisha au kulifuta leo bado limo kwenye nakala za usiku uliotangulia, na litaendelea kuwamo hadi nakala hizo zipitwe na mpya. Ukiwa pia umewasha nakala ya Google, iko nyingine kwenye akaunti yako, ambayo huandikwa upya kila siku, kila wiki au kila mwezi kadiri ulivyopanga katika Settings, Chats, Chat backup.

Kwa mama mdogo hiyo ilikuwa habari njema. Nakala ya Google hakuwa ameiwasha kamwe. Alifuta saa tatu usiku, na nakala isiyo na tarehe iliyoandikwa saa nane usiku wa kuamkia asubuhi aliyonipigia ilikuwa imeshakosa gumzo la kamati, lakini ile ya usiku wa kabla yake ilikuwa nalo. Tulifanya hivi, na utaratibu huo ndio ninaoushauri kwa yeyote aliye katika hali kama yake.

Kwanza, tulijizuia kugusa kitufe cha Back up now, kwa kuwa kingeandika nakala nyingine ya hali ilivyo sasa, bila gumzo lililofutwa. Pili, tulinakili folda nzima ya `WhatsApp` kwenye kompyuta kwa waya. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka, kwa sababu unakaribia kuiondoa programu, na hupaswi kutegemea kwamba simu itazihifadhi folda zake kwa hisani. Tatu, ndani ya `Databases` tuliibadilisha jina ile nakala isiyo na tarehe ili isichanganye, kisha nakala yenye tarehe tuliyoitaka tukaipa jina `msgstore.db.crypt14`. Namba iliyo mwishoni mwa jina haibadilishwi: iliyokuwa `crypt14` inabaki `crypt14`. Nne, tuliiondoa WhatsApp, tukahakikisha kwamba folda ipo mahali pake, na ingalikuwa imepotea tungaliirudisha kutoka kwenye kompyuta. Tano, tuliisakinisha upya, tukathibitisha namba ile ile ya simu, tukakubali ilipouliza kama irejeshe nakala.

Gumzo la kamati likarudi, na orodha ya ahadi ikiwa ndani yake. Picha na video pia zilionekana mahali pake ndani ya gumzo, kwa sababu tu hakuweka ile tiki: nakala ya usiku hubeba maneno, na mafaili huyatafuta kwenye folda ya `Media`. Angeweka tiki, angerudishiwa maneno na picha zenye ukungu zisizofunguka. Kikundini hakurudishwa, kwani alishajitoa, lakini kusoma aliweza.

Gharama yake ilikuwepo. Kurejesha nakala ni kuirudisha WhatsApp yote nyuma, si gumzo moja, na kila ujumbe aliopokea kwa watu wote tangu nakala ile iandikwe ulipotea, kiasi cha saa thelathini hivi za mazungumzo. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa programu tulipitia magumzo yake mengine na kupiga picha za skrini za yale ya maana. Jambo jingine la kuangalia ni kama mwenye simu aliwahi kuifunga nakala yake kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Bila hicho alichokiweka, nakala haifunguki, wala hakuna fundi wa kuifungua.

Baada ya kupata orodha yake, alitumia Export chat, ambayo iko mle mle ndani ya More, na kuitoa historia ya gumzo kama faili la maandishi lisilo na picha. Njia hiyo hubeba hadi jumbe 40,000 za mwisho zikiwa bila mafaili, na 10,000 zikiwa na mafaili. Kisha akalifuta gumzo kwa mara ya pili, safari hii akiwa na tiki, na simu ikapumua.

Ukitaka gumzo liondoke kweli

Yaliyomsaidia mama mdogo ndiyo yatakayomwangusha anayetaka gumzo lisirudi. Futa gumzo ukiwa umeweka tiki. Pitia folda za `Sent`. Kisha nenda Chat backup uguse Back up now, ili nakala ya Google, kama ipo, iandikwe upya ikiwa haina gumzo hilo, na nakala ya simu iliyo bila tarehe nayo iwe mpya. Baada ya hapo ingia kwenye folda ya `Databases` ukaziondoe mwenyewe nakala zenye tarehe za nyuma, ukijua kwamba kwa kufanya hivyo umejinyima pia njia ya kurejesha gumzo lingine lolote utakalolifuta kwa bahati mbaya wiki hiyo. Kwenye Android 11 na kuendelea kuna pia historia ya arifa, ambayo ikiwa imewashwa huonyesha maandishi ya arifa za saa 24 zilizopita hata baada ya gumzo kufutwa. Huipati ndani ya WhatsApp bali kwenye mipangilio ya arifa ya simu yenyewe.

Hata hapo kuna tabaka moja ambalo vitufe havilifikii. WhatsApp huhifadhi jumbe kwenye hifadhidata ya aina ya SQLite, na ujumbe ukifutwa humo, kwa kawaida nafasi yake huandikwa kuwa ni tupu huku maandishi yenyewe yakibaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwaka 2016 mtafiti wa usalama Jonathan Zdziarski alionyesha kwamba kwenye aifoni, magumzo yaliyosafishwa na yaliyofutwa yalikuwa yameacha mabaki ya namna hiyo. Mtu wa kawaida anayeishika simu yako hawezi kuyaona. Huhitaji vifaa vya uchunguzi na ruhusa ya ndani kabisa ya simu.

Kwa hiyo unapouza simu au kumpa mtu, usihangaike na gumzo moja moja. Toa kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google, kisha irudishe simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani kupitia mipangilio. Simu za miaka ya karibuni huhifadhi kila kitu kikiwa kimefungwa kwa ufunguo wa siri, na hatua hiyo huuharibu ufunguo wenyewe, hivyo mabaki ya hifadhidata yanabaki kuwa takataka isiyosomeka. Nakala iliyo kwenye akaunti yako ya Google haiguswi na hatua hiyo, nayo ndiyo utakayoirejeshea kwenye simu mpya.